Hii 84 Uliipata Wapi?

Binamu yangu alikuja kwangu Nyanchwa Jumamosi moja mchana, mvua ya Kisii ikianza kujikusanya kama kawaida yake. Simu ilikuwa mkononi, ukurasa wa kuchagua kozi umefunguka. Matokeo yake ya kidato cha nne yanamtosha kwa diploma ya uuguzi, miaka mitatu.

"Kuzo," akasema, "nataka unesi. Lakini wewe uliuacha. Niambie ukweli."

Watu wakiniuliza kwa nini niliacha chuo mwaka wa tatu, huwa nasema karo. Si uongo, ila ni nusu. Nusu nyingine sijawahi kuandika popote.

Nilichagua uuguzi kwa sababu ya Grey's Anatomy. Nilikuwa napeleka flashi kwa jamaa wa duka la muvi, ananijazia misimu miwili, narudi nyumbani kulala saa nane usiku. Binamu yangu naye ameingia kwa mlango huohuo, tofauti ni kwamba yeye ana bando. Kwa hivyo nilianza na kile anachokijua.

Unajua ile mashine ikitoa mlio mmoja mrefu, mstari ukalala bapa, daktari akaweka vile vyuma kifuani na mgonjwa akaruka kitandani? Mstari ukilala bapa, mgonjwa hashtuliwi. Ile mashine kazi yake ni kuzima vurugu: moyo unatetemeka ovyo bila kusukuma damu, umeme unaukatiza, halafu moyo wenyewe unaanza upya kwa mpangilio. Ni kama simu iliyokwama, unaizima na kuiwasha. Mstari bapa ni simu iliyokata chaji. Hapo unafinya kifua, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 au 6, na unampa adrenalini huku mnatafuta kilichousimamisha moyo. Inachosha vibaya. Baada ya dakika mbili mikono inalegea, lazima mtu akupokee.

Mwaka wa 1996 watafiti wa Marekani walichapisha hesabu yao baada ya kutazama vipindi 97 vya ER, Chicago Hope na Rescue 911. Mioyo 60 ilisimama humo, na theluthi mbili ya wagonjwa walionekana kunusurika hadi kutoka hospitalini. Katika wodi halisi, hata za nchi tajiri, wanaotoka hospitalini wakiwa hai baada ya moyo kusimama ni kama mmoja kati ya wanne au watano.

Binamu yangu akatikisa kichwa. "Sawa, wanatia chumvi. Lakini kazi si ni ileile?"

Hapo ndipo ilibidi nimwambie.

Nilikuwa wodi ya uzazi, zamu ya usiku, katika hospitali ambayo sitaitaja. Kama umewahi kupita karibu na wodi ya uzazi huku kwetu, umesikia akina mama wakilia "Baba! Baba!" Mgeni hudhani wanamwita mzee. Kwa Kigusii, baba ni mama. Mama mmoja alijifungua mtoto wake wa tatu saa saba na dakika arobaini usiku. Mtoto akalia, sindano ya oksitosini, yuniti 10, ikadungwa pajani, kondo likatoka. Kwenye runinga hapo muziki unapanda na kipindi kinaisha. Kwetu ndipo kazi yangu ilipoanza. Kila dakika 15 nilipaswa kuhesabu mapigo yake, kupima presha, kubonyeza tumbo chini ya kitovu kuona kama kizazi ni kigumu, na kuangalia pedi.

Mara ya kwanza mapigo yalikuwa 82, presha 116 kwa 74, kizazi kigumu kama chungwa bichi. Mara ya pili, 86. Mara ya tatu nilikuwa nimekaa. Nilikuwa nimesimama tangu jioni, mama alikuwa amefumba macho na mtoto kando yake, kila kitu kimetulia. Nikaandika 84 kwenye karatasi bila kumgusa.

Nilidhani kitu kikiharibika nitasikia. Miaka yote ya kutazama siriizi ilinifunza hivyo, kwamba hatari ina mlio. Pale hapakuwa na mashine ya kulia. Mlio ulikuwa mimi.

Mara ya nne alikuja nesi mkuu wa zamu. Hakusoma karatasi kwanza. Alimshika mama kifundo cha mkono, akatazama saa yake, midomo ikihesabu. 118. Akapima presha, 110 kwa 70.

"Presha iko sawa," nikasema haraka.

"Presha ndiyo ya mwisho kushuka," akajibu, na mkono wake tayari uko tumboni.

Mwili wa mama kijana unajua kuficha. Akipoteza damu, mishipa inajibana na moyo unakimbia, ili presha ibaki pale pale. Anaweza kupoteza hata lita nzima na namba ya presha bado inakutabasamia. Mapigo ndiyo husema mapema, lakini yanasema tu na aliyeyahesabu.

Kizazi kilikuwa laini kama unga uliokandwa. Akafunua shuka, na damu ilikuwa imejikusanya chini ya makalio, mahali pedi haifiki. Alianza kukikanda kizazi kwa mkono mmoja huku akitoa amri. Donge la damu likatoka. Mpira ukawekwa kutoa mkojo, maana kibofu kikijaa kizazi hakijikazi. Dripu ya pili, oksitosini ndani yake, kisha gramu moja ya asidi ya traneksamiki, polepole kwa dakika 10. Daktari alipofika, kizazi kilikuwa kigumu tena na mama anauliza mtoto wake yuko wapi.

Mwaka wa 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini. Waliweka plastiki yenye vipimo chini ya mama ili damu ionekane ni kiasi gani, na tiba zote zikatolewa kwa mpigo badala ya moja moja. Kuvuja damu kwingi kukapungua kwa asilimia 60. Siri kubwa ilikuwa kupima, si kukadiria kwa macho.

Alfajiri nesi mkuu alichukua karatasi yangu. "Hii 84 uliipata wapi?"

Sikujibu. Akanipa kalamu. Huruhusiwi kufuta wala kupaka rangi nyeupe. Unachora mstari mmoja juu ya namba ili bado isomeke, unaandika kwamba ni kosa, unaweka sahihi yako. Nikaweka. Muhula uliofuata karo ilikosekana, na sikuitafuta sana.

Binamu yangu alinyamaza. Nilidhani nimemvunja moyo, na sikutaka hivyo. Nikafungua saa yangu ya mkononi nikampa. Magokoro alikuwa amelala kwenye kochi, kaja mjini kwa kliniki yake ya presha.

"Hesabu mapigo yake dakika nzima. Andika. Rudia kila dakika 15, mpaka saa mbili ziishe. Ukiona ni upuzi, chagua kozi nyingine."

Akaweka kipindi chake kwenye laptopu, akaanza. 72. 74. 70. Kufikia mara ya tano, nje mvua inapiga mabati, Magokoro anakoroma, na kwenye skrini kuna mtu anashtuliwa moyo, watu wanapiga kelele.

Vidole vyake vilikuwa kwenye kifundo cha bibi. Hakuinua kichwa.