Daftari la Mahudhurio Lilivyotudanganya

Naomba nianze kwa kukiri kosa. Wakati wa likizo nilipokuwa kijijini Mbwara, Rufiji, kwaya ilinipa kazi ya kupanga ratiba ya mazoezi. Tamasha lilikuwa wiki 6 mbele. Waimbaji walikuwa 20, na nyimbo 6. Nilipanga Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa 10 jioni.

Baada ya wiki 3, daftari lilionesha wastani wa waimbaji 14 kwa kila zoezi. Wengi wetu tuliona kuwa watoro ni wavivu, nami niliunga mkono faini ya shilingi 1,000 kwa kila siku iliyokosekana. Waliokwisha kudaiwa 3,000 waliona aibu, wakaacha kabisa kuja.

Hapo ndipo nilipolisoma daftari upya, safari hii kwa sauti badala ya vichwa. Sauti ya nne ilikuwa na watu 4 tu, na katika mazoezi 9 walikuwa wamefika wote mara 2. Hao 14 wa wastani walikuwa karibu wote wa sauti ya kwanza na ya pili. Tulikuwa tukiimba nyumba isiyo na msingi. Dalili tulikuwa nayo tangu mwanzo: tulianza wimbo kwa sauti ya kinanda, na tulipofika mwisho na kukibonyeza tena, tulikuwa tumeshuka nusu sauti bila kujua.

Nilimwendea mmoja wao shambani. Nilimkuta juu ya dungu, kombeo mkononi.

"Mwalimu," aliniambia, "ndege hushuka asubuhi na jioni. Saa 10 yako ndiyo saa yao. Usiku nalinda nguruwe. Nikija kuimba, watoto watakula nini?"

Mpunga ulikuwa unakomaa. Ratiba yangu ilikuwa imepangwa na mtu anayelipwa mshahara hata akiwa likizoni.

Alinieleza pia kwamba wakati wa jua kali ndege hupumzika vivulini. Basi tukafuta faini. Mara 2 kwa wiki, saa 6 mchana, sauti ya nne ilijifunza chini ya mwembe kandokando ya mashamba, na mtu mmoja wa sauti ya kwanza akiimba nao ili wausikie wimbo mzima. Jumamosi tulikutana wote, saa hiyo hiyo. Nyimbo tukazipunguza zikawa 4.

Siku ya tamasha tuliimba 3. Wa nne haukuwa umeshikana, na hakuna bidii ya wiki 3 inayofidia wiki 3 zilizopotea.

Tangu hapo, kila ninapoletewa daftari la mahudhurio chuoni, sianzi kuuliza ni wangapi hawakuja. Nauliza ni akina nani, na saa ile walikuwa wakilinda nini.