Bunia: Ekografia ikionyesha kondo liko chini, au watoto ni wawili

Katika kambi moja ya wakimbizi wa ndani hapa Bunia, mama wawili wanaoishi mistari miwili tofauti walipimwa ekografia siku moja. Wote walitoroka vijiji vya tarafa ya Djugu. Mmoja ana miaka 31, mimba yake ni ya nne, na mtoto wa tatu alizaliwa kwa upasuaji. Mwingine ana miaka 23 na ndiyo mimba yake ya kwanza. Kila mmoja alirudi na karatasi yenye maneno yaliyozua maneno mengi kambini.

Ya mama wa kwanza, aliyekuwa na majuma 22, ilisema kondo la nyuma liko chini na limefunika mlango wa kizazi. Mama mkwe wake alilia siku hiyo hiyo, akidhani mtoto amekwisha kupotea. Mzalishaji wa kituo cha afya alimkalisha na kumweleza polepole. Kondo ndilo linalomlisha mtoto, na kwa kawaida linashika juu au kando ya mfuko wa uzazi. Likishika chini, linakaa kwenye njia ambayo mtoto atapitia. Lakini mimba ya majuma 20 hivi bado ni changa. Mfuko unapokua, sehemu yake ya chini inavutika, na kondo linaonekana kupanda juu pamoja nao. Kati ya wanawake kumi wanaoambiwa kondo liko chini katika majuma hayo, karibu tisa halitawazuia tena siku ya kuzaa. Mama mwingine aliyepimwa siku ile, ukingo wa kondo lake ulikuwa milimita 15 kutoka mlangoni. Katika juma la 32 ulikuwa umefika milimita 40, naye akaambiwa anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida. Kipimo kinachoangaliwa ni milimita 20: chini ya hapo, kondo bado linahesabiwa kuwa chini.

Kwa mama mwenye miaka 31 mambo hayakuwa mepesi hivyo, kwa sababu mbili. Kondo lake halikuwa karibu na mlango tu, lilikuwa limeufunika, na hilo hupanda mara chache kuliko lile lililo kando. Tena ana kovu la upasuaji. Kondo likishika mbele, juu ya kovu, linaweza kuingiza mizizi ndani ya nyama ya mfuko na kukataa kutoka mtoto akizaliwa, na damu inayotoka hapo ni nyingi sana. Ndiyo maana mganga aliyempima alitazama kwanza limeshika upande gani. Alikuta limeshika nyuma, mbali na kovu, na akaliandika hilo kwenye fishi yake. Mama yeyote aliyewahi kupasuliwa na kuambiwa kondo liko chini aulize jambo hili kabla ya kutoka chumbani.

Majirani walimshauri alale kitandani miezi yote. Mzalishaji hakukubali, kwani kulala tu hakupandishi kondo, na mama asiyetembea anaweza kuganda damu miguuni. Alichomkataza ni kubeba mizigo mizito na, damu ikianza kuonekana, kulala na mume. Alimsisitiza kumeza dawa za kuongeza damu kila siku, maana mama mwenye damu kidogo hana akiba ya kupoteza. Na alimwambia: damu ikitoka, hata kama hakuna maumivu, hata kama imekoma yenyewe, usingoje asubuhi.

Katika juma la 30 aliamka usiku akakuta kitenge kimelowa damu nyekundu safi. Tumbo lilikuwa laini na halikuuma. Hapo ndipo wengi hudanganyika, kwa kuwa tumezoea kwamba kitu kisichouma si hatari. Damu ya kondo lililo chini hutoka hivyo hivyo, bila uchungu. Tumbo likiwa gumu kama mbao na linauma, pengine kondo linabanduka kabla ya wakati. Hiyo nayo ni mbio ya hospitali.

Kituoni, msaidizi mmoja alikuwa tayari amevaa glavu ili amguse ndani na kujua kama njia imefunguka. Mzalishaji akasoma fishi na kumzuia. Kidole kinachogusa kondo lililofunika mlango kinaweza kulipasua, na damu iliyokuwa ya kikombe ikawa ya ndoo. Walimwekea maji kwenye mshipa na kumpeleka hospitali kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake. Huko damu ilikoma. Alichomwa sindano nne za deksametazoni katika siku mbili, ili mapafu ya mtoto yakomae mapema iwapo angelazimika kuzaliwa kabla ya wakati. Ndugu zake wawili wenye kundi la damu linalofaa walipimwa na kuombwa wasisafiri mbali.

Ekografia ya juma la 32 ilikuta kondo palepale. Hakurudi kambini. Alikaa kwa binamu yake karibu na hospitali, kwa sababu barabara ya usiku na damu haviendi pamoja. Katika juma la 36 alipasuliwa kwa siku iliyopangwa, mchana, damu ikiwa tayari kwenye friji. Mama asiyetokwa damu kabisa, kondo likiwa limefunika mlango, kwa kawaida anapasuliwa kati ya juma la 36 na la 37. Hangojwi mpaka uchungu uanze, kwa maana mlango ukifunguka, kondo linabanduka.

Yule kijana wa mimba ya kwanza, karatasi yake ilisema mapacha, au mapasa kama wengi wanavyosema hapa. Kambi ilishangilia. Mzalishaji aliuliza swali moja: kondo ni moja au mawili? Wakishirikiana moja, mmoja anaweza kunyonya damu ya mwenzake, na mama anahitaji ekografia kila majuma mawili. Hilo huonekana vizuri kabla ya juma la 14. Yeye alikuwa na majuma 28. Bahati yake, mtoto mmoja alikuwa wa kiume na mwingine wa kike, na watoto wa namna hiyo huwa na makondo mawili. Basi alipangiwa ekografia kila mwezi, na shinikizo la damu na mkojo kupimwa kila anapokuja, kwani mimba ya mapacha hupandisha shinikizo kwa urahisi.

Mapacha wengi huanza uchungu kabla ya wakati, kwa hiyo naye aliambiwa asikae mbali. Uchungu ulianza juma la 37. Mtoto wa kwanza alikuwa ametanguliza kichwa, akazaliwa kwa njia ya kawaida hospitalini. Kisha mzalishaji akashika tumbo kumtafuta wa pili na kuona amelalaje, na sindano ya kukaza mfuko ikabaki pembeni. Sindano hiyo hupewa kila mama baada ya kuzaa ili asitokwe damu, lakini ikichomwa wakati mtoto mwingine bado yumo ndani, mfuko unamkaba. Hivyo ndivyo pacha asiyejulikana hufia tumboni mahali pasipo na ekografia, na ndiyo sababu tumbo hushikwa kwanza kwa kila mama. Wa pili alitoka baada ya dakika 20, ndipo sindano ikachomwa. Mama alibaki akichungwa saa nyingi, kwa sababu mfuko uliobeba wawili huchelewa kujikaza.