Kubadili Neno Moja Kwenye Jalada la Kitabu

Leo nawaletea kazi iliyonikalisha usiku tatu mezani hapa Mbezi Luis, cherehani ikiwa imefunikwa. Wengi wenu mnatengeneza vijitabu vya mishono, vya mapishi, vya dua za kugawa kwenye shughuli. Siku moja mtahitaji kubadili jina la juu, na hili litawafaa.

Kijitabu changu kiliitwa MISHONO YA HARUSI. Ndani mna nguo za siku ya nikahi peke yake: mabaibui, mitandio, madera ya heshima. Wateja walipoona neno harusi walikuwa wakiuliza gauni la ukumbini liko ukurasa gani. Shangazi yangu akaniambia, "Mwanangu, kitu kiitwe kwa jina lake. Andika nikahi." Nakala 100 zilitakiwa kuchapwa kabla ya Shaabani, maana mwezi huo ndio shughuli zinajaa, kisha Ramadhani inaingia.

Jalada lenyewe lina nyuma ya kanga, juu yake herufi nene za dhahabu zenye chembechembe kama pambo la kumetameta, na juu ya herufi pamelala koja la asumini linaloziba miguu ya S na I za mwisho. Kijana aliyelibuni nilimpigia simu nikamwomba faili la kazi, lile linaloishia na `.psd`. Faili hilo huhifadhi kila tabaka peke yake, kanga mbali, herufi mbali, maua mbali. Ukilipata, na maandishi bado yanaandikika, kubadili neno ni kazi ya dakika chache. Akanijibu, "Dada, kompyuta ile ilikufa. Nina `.jpg` tu, badili utakavyo." Ruhusa hiyo ni muhimu, kwa sababu mchoro unaweza kuwa bado mali ya aliyeuchora hata kama ulimlipa.

Faili la `.jpg` ni kama nguo iliyoshonwa matabaka yote pamoja na bitana. Huwezi kuvuta herufi ikatoka. Nyuma ya herufi hakuna kanga iliyojificha, kuna shimo. Kwa hiyo kwanza nikaangalia kama picha inatosha. Jalada la A5 ni milimita 148 kwa 210, na ili lichapwe safi linataka nukta 300 kwa inchi, yaani pikseli 1748 kwa 2480 hivi. Mwambie mtu akutumie picha WhatsApp kama dokumenti. Ikija kama picha ya kawaida inabanwa, na chembe za dhahabu zinageuka uji.

Nililifungua kwenye Photopea, ambayo inafanya kazi ndani ya kivinjari bila malipo. Nikanakili tabaka ili la asili libaki salama. Kabla ya kufuta chochote nikakata herufi moja moja na kuziweka kila moja kwenye tabaka lake, bila kivuli chake. Koja la asumini nalo nikalikata likawa tabaka la juu kabisa.

Ndipo nikaziba shimo. Chombo chake ni `Clone Stamp`: unashika `Alt`, unabofya mahali pa kuchukulia, kisha unapaka mahali pa kuziba. Kanga imenirahisishia, kwa sababu ua lake linajirudia. Ukibofya katikati ya ua moja, anza kupaka katikati ya ua linalolingana nalo, kama unavyolinganisha maua kwenye mshono wa ubavuni. Futa na kivuli pia. Kivuli hufifia mbali kuliko unavyodhani, na ukiacha ukungu wake, herufi ya zamani itaonekana kama doa la mafuta chini ya neno jipya.

Sasa herufi. Katika MISHONO YA HARUSI zimo N, I, A na H. Iliyokosekana ni K tu. Sikuchukua K ya aina nyingine, kwa sababu dhahabu isingefanana. Niliijenga. Mti wake ni mguu wa kushoto wa H ya MISHONO. Mguu wa chini ni ule mguu wa R. Mkono wa juu ungeweza kupatikana kwa kuupindua mguu wa R juu chini, lakini hapo ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Herufi hizi zimechorwa kama zimeinuka, na mwanga unatoka juu kushoto. Ukipindua kipande, ukingo unaong'aa unakwenda chini, na jicho linashtuka hata kama mtu hajui kwa nini. Ni sawa na mahameli iliyokatwa vipande viwili manyoya yakielekea pande mbili. Nikachukua mkono wa kulia wa Y, ambao tayari unapanda kuelekea kulia na mwanga wake uko sawa, nikauzungusha nyuzi chache tu.

I ya mwisho niliiacha palepale chini ya asumini. I ya pili niliinakili kutoka MISHONO. Shida ya nakala ni kwamba chembe zinafanana pacha, na macho huziona upesi. Nikafunga sehemu tupu za tabaka ili rangi isitoke nje ya herufi, nikapaka ndani yake chembe kutoka kwenye M. Pacha wakaachana.

NIKAHI ni fupi kuliko HARUSI, maana I ni nyembamba. Usivute herufi ili zijaze nafasi: miti yake inanenepa na chembe za duara zinakuwa mayai. Ongeza nafasi kati ya herufi, kidogo kidogo, kwa macho.

Kivuli nilikitengeneza mwisho, kwenye tabaka moja chini ya herufi zote mpya. Vipimo vyake nilivichukua kwa MISHONO ambayo sikuigusa: kinaanguka kulia na chini kiasi gani, kinafifia wapi. Tabaka hilo liwe `Multiply`, ili maua ya kanga yaonekane ndani ya kivuli. Likiwa la kawaida, linaweza kufunika kanga kwa rangi ya majivu.

Kasoro moja ilibaki. Kingo nilizokata zilikuwa kali kama wembe, na za zamani laini. `Gaussian Blur` ya chini ya pikseli moja ilizilinganisha. Kisha nikageuza picha kushoto kulia nikaitazama kama mgeni, nikachapa karatasi moja ya majaribio. Kwenye karatasi kiraka huonekana kuliko kwenye kioo. Nikahifadhi pia `.psd` yangu, ili mwingine asirudie mateso haya.

Njia hii ina mipaka. Kama herufi zimepita juu ya uso wa mtu au mchoro usiojirudia, hakuna pa kuchukulia kiraka, na ni afadhali kumlipa mchoraji achore upya sehemu ile. Kama picha ina pikseli 700 tu kwa upana, usijisumbue. Na ukishamaliza jalada, fungua ukurasa wa kwanza wa ndani na mgongo wa kitabu. Jina la zamani hupenda kubaki huko.

Kijitabu kilikwenda Kariakoo kuchapwa kikiwa na jina lake. Shangazi alipokishika alipitisha kidole juu ya K, akauliza kama dhahabu ile imeinuka kweli.