Rafu ya Dar: Shajara ya Juni, Lulindi

Jumatatu, 9 Juni 2025

Meneja manunuzi wa supamaketi ya Dar amepokea simu yangu leo. Hakukaa nayo sana. Amesema maombi yote ya wasambazaji wapya yanapitia barua pepe, nieleze nina nini, bei gani, nitaleta kiasi gani, kisha akanitakia siku njema. Nimeshukuru, maana sasa najua barua inasomwa na mtu ambaye mezani kwake kuna watu wengine kumi wenye siagi ya karanga kama mimi.

Mjomba, aliyefundisha shule miaka mingi, ameshauri nianze na habari za kikundi chetu cha akina mama na ardhi ya Masasi inavyokubali karanga. Nimemsikiliza kwa heshima yote, lakini sitaanza hapo. Meneja hanunui historia yetu. Atauliza bei itakuwa ngapi dukani, mzigo utakuwepo Februari au utakatika, na mteja akiugua nani atajibu. Nitaandika kwa kufuata maswali hayo, na kila jibu nitalifanyia hesabu kwanza, kwa sababu nikishaahidi kwa maandishi nimeahidi.

Jumatano, 11 Juni

Hesabu ya kopo moja la gramu 400, hatua kwa hatua.

Karanga nanunua zikiwa na maganda, na nikijumlisha kubangua kwa mashine, kilo moja ya kokwa inanifikia shilingi 3,000 kwa bei ya mavuno haya. Kilo 100 ni 300,000. Hazibaki kilo 100. Tukichagua, kilo 8 hivi zinatoka: zilizosinyaa, zilizooza, zenye rangi ya ajabu. Kukaanga kunaondoa maji, na kufikicha na kupeta kunaondoa maganda mekundu, kisha kidogo hubaki kwenye mashine. Mwisho napata kilo 82 za siagi, yaani makopo 205. Karanga ndani ya kopo moja ni shilingi 1,463.

Kopo na mfuniko 600, lebo 200, mkaa na umeme 250, vibarua 500, katoni 100, usafiri wa basi mpaka Dar 150. Jumla 3,263.

Nilikuwa nimewaza kuuza 4,500. Wifi yangu ndiye aliyekumbusha kodi. Sisi hatujafikia mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka, kwa hiyo hatujasajiliwa VAT, lakini supamaketi imesajiliwa na lazima itoze asilimia 18 juu ya bei yake. Kopo likiandikwa 5,900 kwenye rafu, 900 ni ya serikali. Inabaki 5,000. Nikiwauzia 4,500 wanabaki na 500, na kwa 500 hakuna meneja atakayeondoa bidhaa nyingine anipishe. Tena kwa kuwa sitozi VAT, hawana kodi ya manunuzi ya kurudishiwa kwenye mzigo wangu.

Nikiuza 4,200, wao wakiongeza robo inakuwa 5,250, na kodi juu yake 945: bei ya rafu kama 6,200. Mimi nabaki na 937 kwa kopo. Hiyo ndiyo bei nitakayoandika, na mchanganuo wa rafu nitauweka humohumo kwenye barua ili asilazimike kuutafuta mwenyewe.

Jumamosi, 14 Juni

Leo tumenunua. Kila gunia nimelifungua mwenyewe kabla ya mizani. Unachukua karanga juu, katikati na chini, unatikisa sikioni: zilizokauka kokwa zinacheza ndani ya ganda. Ikinyamaza, bado ina maji.

Nimekataa kokwa zilizobanguliwa tayari, ingawa zilikuwa nzuri kwa macho na bei yake ilivutia. Watu wengi huku hubangua kwa vidole, na vidole vikichoka wanalowesha maganda yalainike. Kazi inakuwa nyepesi, lakini umeshairudishia karanga maji iliyoyapoteza kwa wiki mbili juani, na fangasi wa sumukuvu anachotaka ni hayo. Kwa hayo siwalaumu akina mama wanaobangua debe zima kwa ujira mdogo. Nawalipa kwa karanga za maganda, mashine inabangua kavu, mambo yanaisha.

Sumukuvu ndiyo sehemu ya barua ninayoiogopa kuliko zote. Kukaanga hakuimalizi. Kusaga ndiko kunakoisambaza: kokwa chache mbovu zikipita kwenye mashine zinaingia katika makopo mengi. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumu hii, na Februari 2019 shirika la viwango la Kenya liliondoa madukani aina kadhaa za siagi ya karanga kwa sababu yake. Meneja yeyote wa chakula anazikumbuka habari hizo.

Kwa hiyo tunachagua mara mbili. Mara ya kwanza zikiwa mbichi. Mara ya pili baada ya kukaanga na kufikicha, na hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu kokwa nzima inavua ganda na kung'aa rangi ya maziwa ya chai, ila nyingi kati ya zilizoharibika zinang'ang'ania ganda au zinabaki na doa la kahawia. Wifi anazitoa moja moja kwenye meza nyeupe. Hata hivyo macho hayatoshi, kokwa inaweza kuwa na sumu na isionyeshe kitu. Lazima maabara.

Jumatatu, 16 Juni

Sampuli imeondoka na basi la asubuhi kwenda maabara. Nimechota kutoka kila gunia, nikachanganya, nikagawa nne, nikachanganya tena mpaka ikabaki kilo moja. Sumu haikai sawa ndani ya gunia, ndiyo maana kiganja kimoja kutoka juu kinaweza kudanganya kwa kheri au kwa shari.

Usiku nimepiga hesabu ya mwaka. Makopo 120 kwa mwezi ni makopo 1,440 kwa mwaka, kilo 576 za siagi, ambazo zinataka kilo 702 za kokwa. Kwa bei ya sasa ni shilingi milioni 2.1. Nikingoja kununua kidogo kidogo, Januari kilo inaweza kufika 4,500 kama ilivyofika kwetu msimu uliopita. Karanga za kopo moja zingepanda kutoka 1,463 hadi 2,195, na 937 yangu ingebaki 205. Mpasuko mmoja wa katoni njiani unaimaliza. Karanga za mwaka mzima zinunuliwe Juni na Julai, zikauke, zikae kwenye mifuko ya PICS zikiwa na maganda yake, na tusage kila mwezi kiasi cha oda. Kopo tunaliandikia miezi 6. Siagi iliyosagwa Juni ikiuzwa Januari ingekuwa inanukia mafuta ya zamani.

Hapo ndipo suala la malipo linapobana. Supamaketi nyingi hulipa baada ya siku 60. Makopo 120 kwa 4,200 ni 504,000 kwa mwezi, kwa hiyo siku 60 ni zaidi ya milioni moja yangu iliyolala kwenye rafu ya mtu mwingine. Fedha hiyo ni magunia matatu na zaidi ya kokwa, na ni miezi hii hii ninapoyahitaji. Wasambazaji wadogo hawajasahau Oktoba 2015, Uchumi ilipofunga maduka yake ya Tanzania na watu wakabaki na ankara mkononi. Nitaomba siku 14 kwa miezi mitatu ya mwanzo, kisha 30. Na sitaomba maduka yao yote. Maduka mawili tu, ambayo rafu zake naweza kuzijaza Februari kama ninavyozijaza Julai.

Ijumaa, 20 Juni

Majibu yametoka. Jumla ya sumukuvu ni mikrogramu 3 kwa kilo, kikomo cha viwango vya Afrika Mashariki ni 10. Nimesoma karatasi mara mbili nimesimama.

Makopo sita niliyoyageuza kichwa chini tangu juzi hayajavuja. Sitii mafuta magumu ya kuzuia siagi isitengane, kwa hiyo baada ya wiki mbili mafuta yatapanda juu, hasa kwa joto la Dar. Meneja asiyejulishwa ataona bidhaa iliyoharibika. Nimeamua aambiwe mapema.

Barua imekwenda saa nne usiku, mtandao ulipotulia:

"Yah: Ombi la kuuza siagi ya karanga, gramu 400, katika maduka mawili

Ndugu Meneja Manunuzi,

Habari za kazi. Naomba nafasi ya makopo manne kwa upana kwenye rafu ya maduka yenu mawili. Nitaleta katoni 5 kila duka kwa mwezi, makopo 12 kwa katoni. Karanga za mwaka mzima tunazinunua na kuzihifadhi msimu huu, kwa hiyo mzigo hautakatika wala bei haitapanda kabla ya Juni 2026.

Bei yetu ni shilingi 4,200, imefika dukani. Mkiongeza asilimia 25 na VAT, rafuni itakuwa kama 6,200.

Bidhaa ni karanga na chumvi tu. Mafuta hupanda juu baada ya wiki mbili hivi. Lebo inamwelekeza mteja akoroge. Kopo lina sili chini ya mfuniko. Muda wa matumizi ni miezi 6, na kila mzigo utawafikia ukiwa haujamaliza mwezi mmoja.

Nimeambatisha leseni ya TBS, bakodi inayoanza na 620, na majibu ya maabara ya sumukuvu. Majibu hayo ni ya karanga za Juni hii. Nikinunua nyingine nitapima tena na kuwatumia kabla ya kusaga. Namba ya bechi kwenye kopo inaonyesha karanga zilitoka gunia lipi.

Naomba malipo ndani ya siku 14 kwa miezi mitatu ya kwanza, kisha siku 30. Makopo ambayo hayajauzwa yakibakiza miezi miwili nitayachukua kwa gharama yangu.

Nikiruhusiwa, nitatuma sampuli sita wiki ijayo.

Wako katika kazi,"

Mjomba ameisoma, akauliza mbona Lulindi haimo. Nimemwonyesha lebo: imo, chini ya jina letu.

Ijumaa, 27 Juni

Amejibu. Anataka sampuli, na anauliza kama nakubali siku 45 kwa duka moja badala ya mawili.

Duka moja ni makopo 60, shilingi 252,000 kwa mwezi. Siku 45 zitanilalia 378,000. Naweza kuzibeba bila kugusa fedha za magunia. Nimemjibu kwamba nakubali siku 45 kwa duka moja kwa bei ileile, na duka la pili tulizungumze Oktoba kwa siku 30. Nimeongeza swali moja ambalo sikuliweka mwanzoni: siku 45 zinahesabiwa tangu mzigo upokelewe au tangu ankara iingizwe kwenye mfumo wao? Kati ya hizo mbili wiki tatu zinaweza kupotea.

Kesho sampuli. Wifi ameshakaanga.