Sentimita Nne za Mpwa Wangu

Wasichana wengi tuliosoma shule za serikali Tanzania tulikua bila ncha za nywele. Kichwa kilinyolewa, ama kiliachiwa nywele za kushikika kwa vidole tu, na kabla hazijafika popote mkasi ulipita tena. Unywele wa namna hiyo hauna umri. Umetoka kichwani juzijuzi, haujapambana na chanuo, haujasuguana na kola wala foronya, kwa hiyo hauna sababu ya kupasuka. Tulipomaliza kidato cha nne na kuziachia nywele zikue, kusuka tulijua na kupaka mafuta tulijua, lakini habari za ncha hatukuwa nazo kabisa.

Baada ya shule, nyumbani kwetu Morogoro, mama ndiye aliyekuwa na kanuni. Kila mwaka mpya ukiingia alitufumua, akachana, akakamata fungu moja baada ya jingine na kukata vidole viwili. Hakuangalia chochote. Vidole viwili vilikuwa vidole viwili, uwe na nywele nzima au zilizochakaa. Aliamini zikikatwa zinakua haraka, na majirani wote waliamini hivyo hivyo. Ukweli ni kwamba unywele unakua kwenye shina lake ndani ya ngozi, na mkasi unaopita huku mwisho haupeleki taarifa yoyote kule. Kinachotokea ni kwamba ncha nzima hazikatiki ovyo, basi urefu unaokua unabaki na kuonekana. Mama alikuwa na matokeo sahihi kwa sababu isiyo sahihi, ila vidole viwili vyake vilikuwa kama sentimita tatu na nusu, na nywele za kipilipili mara nyingi hukua chini kidogo ya sentimita moja kwa mwezi. Kila Januari tulikuwa tunaacha chini ya kiti karibu theluthi ya ukuaji wa mwaka mzima.

Baadaye ikaja enzi ya dawa. Dar es Salaam ya ujana wangu, msichana mwenye kazi aliweka dawa ya kulainisha, akarudi saluni kila baada ya wiki kadhaa kupakwa kwenye maoteo. Msusi akimaliza kuosha alinikausha kwa draya, akapitisha pasi, kisha akarudi nyuma hatua mbili kunitazama mgongoni. Hapo ndipo mkasi ulipotoka. Alikuwa anatafuta mstari. Nywele zikishanyooka, fungu moja likawa refu kuliko jingine, jicho la msusi halitulii mpaka zote zimelingana, na anayelipa gharama ya kulingana ni lile fungu refu.

Sasa, nywele za binadamu hazilingani kwa asili. Kila unywele una saa yake ya kuota, kukua na kudondoka, kwa hiyo ukiziacha zitakuwa na wepesi kidogo kuelekea mwisho hata kama hazina ubovu wowote. Kukata kwa ajili ya mstari ni shughuli ya umbo. Kukata kwa ajili ya mpasuko ni shughuli nyingine. Miaka yote ile nilikuwa nafanyiwa ya kwanza huku nikiambiwa ni ya pili, na ncha zilizopasuka kwenye mafungu mafupi ziliachwa palepale kwa sababu hazikuvuka mstari.

Aliyenionyesha tofauti ni mama mmoja wa Magomeni aliyekuwa akisukia nyumbani kwake, barazani. Nilikuwa nimeacha dawa, nywele za asili zimerudi. Hakugusa mkasi kwanza. Aliniosha kwa shampuu, akakataa kunipaka mafuta, akanifunga mabutu ya uzi na kuniacha nikauke. Mafuta, alisema, yanalaza nyuzi na kuficha ubovu, na nywele zilizolowa zinadanganya vilevile. Zilipokauka na kunyooka bila moto akafumua butu moja, akatandaza kitambaa cheupe begani kwangu, akanigeuza mwanga wa mlangoni uingie kwa ubavu.

“Tazama mwenyewe,” aliniambia, na akaziachia nyuzi chache juu ya kitambaa.

Kwenye weupe ule kila kitu kilionekana. Unywele mzima ulifika mwisho na kukoma, mweusi mpaka nchani. Uliopasuka uligawanyika panda mbili kama herufi Y. Mwingine ulikuwa na vijitawi vitatu vinne vya urefu tofauti. Mwingine ulikuwa umefunguka katikati na kujifunga tena chini yake, ukaacha kijidirisha. Na upo uliokuwa na kidoa cheupe, kidogo kuliko chembe ya chumvi, mahali ambapo gamba la nje limekwisha na nyuzinyuzi za ndani zimefumuka. Ukiuvuta taratibu unakatikia hapohapo. Watu huona kidoa hicho wakadhani ni shina la unywele uliodondoka. Shina liko mwisho mmoja tu, ni kijivimbe, na unywele wenyewe unakuwa na urefu wake wote. Kidoa kikiwa katikati, au ukiokota kipande kifupi kwenye kola ambacho hakina kijivimbe upande wowote, hicho kimekatika.

Kulikuwa pia na vifundo, unywele umejizungusha na kujifunga wenyewe. Hivyo havikumtia wasiwasi. Nywele zilizojikunja sana hujifunga tu kwa kusuguana, na fundo moja halimaanishi kichwa kizima kimeharibika. Alikata kimoja kimoja, juu kidogo ya fundo, akaendelea.

Nikamuuliza kuhusu zile chupa za dukani zinazoahidi kuunganisha ncha. Akacheka. Unywele uliotoka nje ya ngozi hauna uhai wa kujitibu. Ni kamba ya katani: nyuzi zikishaachana nchani unaweza kuzibandika kwa gundi zikatulia siku mbili tatu, lakini ukiosha gundi zinaachana tena, na kila ukivuta mwachano unapanda. Kondishena nzuri inapunguza msuguano na kuchelewesha mpasuko mpya. Uliokwisha kupasuka dawa yake ni kuukata, na anayekata anakata juu kidogo ya pale panda inapoanzia, kwa sababu mpasuko usioonekana kwa jicho huwa umeshatangulia.

Tangu hapo nikaacha tarehe na nikaacha mstari. Najitazama mwenyewe, twisti moja moja, na mara nyingi ninachokata hakifiki hata nusu sentimita. Lakini swali la kiasi gani cha kukata sikulielewa vizuri mpaka mpwa wangu alipokuja kukaa kwangu likizo, nywele zake zikiwa zimetoka kwenye rasta zilizokaa muda mrefu kupita kiasi.

“Mama mdogo, nipunguze, lakini usinikate sana,” akaniambia. Sentensi hiyo kila msusi ameisikia, na haina kipimo.

Tulimwosha, tukamvuta kwa uzi, tukamgawa twisti za ukubwa sawa kichwa kizima. Twisti inasema mengi. Ilishuka ikiwa nene vilevile hadi karibu na mwisho, halafu ghafla ikawa nyembamba, unaona mwanga ukipita. Nilishika pale ilipobadilika nikapima kwa rula. Twisti nzima ilikuwa sentimita 24, na kutoka pale hadi nchani ilikuwa sentimita nne. Nikarudia upande wa kushoto, utosini, kisogoni. Kisogoni ilikuwa nne na zaidi, utosini mbili. Nikachukua nne kama kipimo cha jumla.

Alipoona rula akatoa macho. Basi nikachukua karatasi tukapiga hesabu. Tukikata zote nne leo, anabaki na 20. Nywele zake zikikua sentimita mbili na nusu kwa miezi mitatu, baada ya nusu mwaka atakuwa na 25, zote nzima. Njia ya pili ni kukata moja na nusu leo, abaki na 22 na nusu. Baada ya miezi mitatu zitafika 25, tunakata moja na nusu nyingine, inabaki 23 na nusu. Baada ya miezi mitatu mingine zinafika 26, tunakata ile moja iliyobaki, na tunaishia 25.

Akaitazama karatasi. “Kumbe ni sawasawa?”

Ni sawasawa, ila kwa sharti moja. Hesabu ya pili inasimama iwapo mpasuko utakaa pale ulipo kwa miezi sita. Ukipanda sentimita moja, hiyo moja nayo itakatwa, na aliyekata kidogokidogo atakuwa amepoteza zaidi ya aliyekata mara moja. Kwa hiyo uamuzi hautokani na urefu unaoupenda. Unatokana na aina ya ubovu ulioko katika zile sentimita nne.

Tukarudi kwenye kitambaa cheupe. Sehemu kubwa ya wembamba wake ilitokana na nyuzi zilizokwisha kukatika. Nyuzi zilizobaki zilikuwa chache, lakini nyingi zilikuwa nzima. Wembamba wa namna hiyo haupandi, na anayetaka kuuvumilia kwa ajili ya urefu anaweza. Panda na vidoa vilijaa kwenye sentimita moja na nusu ya mwisho. Hapo ndipo penye hatari, na hapo ndipo tulipokata, twisti baada ya twisti, mkasi ukiwa umenyooka, maana ukikata mshazari unaacha jeraha refu kwenye kila unywele. Zile chache zilizopasuka juu zaidi nilizifuata moja moja. Mkasi wangu wa nywele haukati karatasi wala kitambaa. Mkasi butu unaponda unywele badala ya kuukata, na ncha iliyopondwa inapasuka mapema.

Kisogoni tulikata mbili na nusu, kwa sababu ndiko shati linakosugua na panda zilikuwa zimepanda. Utosini nusu tu. Akasimama mbele ya kioo akavuta twisti ya mbele na ya nyuma, akaona hazilingani.

“Hazilingani, mama mdogo.”

“Ukizifumua zitajikunja, hakuna atakayeona,” nikamwambia, na ndivyo ilivyo: nywele zetu zikijikunja hufikia nusu ya urefu wake au chini ya hapo, na tofauti ya sentimita mbili humezwa.

Aliporudi baada ya miezi mitatu tulipima tena kabla ya kukata. Utosini hapakuhitaji kitu. Kisogoni tulitoa moja.

Ninyi mlioko saluni, nina ombi. Mteja akisema apunguziwe kidogo, msianze kukata. Mshikieni twisti moja mbele ya macho yake, mwonyesheni kwa kidole pale mtakapoishia, na mwambieni kama mnakata mpasuko au mnatafuta mstari. Akitaka mstari ni haki yake, lakini alipie akijua.