Barua ya Deni

Vijana wengi wanaoniletea shida ya karo wanakuja na barua ya machozi: vita, njaa, ugonjwa wa mama, halafu mwisho "naomba munisaidie". Lakini mtu wa ofisi ya fedha anatafuta vitu vitatu tu: unadaiwa ngapi, utalipa lini, na pesa itatoka wapi.

Mwezi wa Septemba dada mmoja wa Mantapala alikuja tuandike pamoja. Chuo kilikuwa kimezuia matokeo yake ya mwaka wa pili sababu ya deni. Kwanza tuliomba taarifa ya akaunti yake. Yeye alihesabu deni la kwacha 4,800, chuo kiliandika 5,600. Ile 800 shangazi yake aliiweka benki bila kuandika namba ya mwanafunzi. Pesa ilifika, ila haikuwa na mwenyewe. Tulipeleka kopi ya risiti, wakarekebisha. Angetangulia kuandika barua, angekubali deni lisilo lake.

Halafu tarehe. Alitaka kulipa 800 kila mwezi, miezi sita mfululizo. Nikamuuliza: "Dada, Januari mama atauza nini?" Mama yake anauza chisense soko la Kashikishi, na kila mwaka uvuvi wa Mweru unafungwa tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari. Ukivunja ahadi moja, ofisi inaweza kufuta mpango wote. Ni heri mpango wenye pengo lililoelezwa kuliko mpango mzuri wa karatasini.

Tuliiandika kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili ilisema hivi:

"Nadaiwa kwacha 4,800. Leo nimelipa 1,200, risiti iko pamoja na barua hii. Naomba kulipa 3,600 iliyobaki kwa mafungu manne ya 900: 31 Oktoba, 30 Novemba, 31 Machi na 30 Aprili. Kati ya Desemba na Februari sitalipa, kwani uvuvi umefungwa na karo yangu inatoka kwa samaki. Mukikubali, naomba matokeo yafunguliwe ili nijiandikishe kwa muhula ujao. Nikikosa fungu moja, munaweza kuyafunga tena. Naomba jibu kwa maandishi."

Juu tuliweka jina lake kama lilivyo chuoni, namba ya mwanafunzi na mwaka wa masomo. Vita tuliviacha nje, havikubadilisha hesabu. Kopi moja ilienda kwa msajili, maana ofisi ya fedha inaondoa kizuizi, lakini matokeo yenyewe yako kwa msajili.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Walikubali aone matokeo na ajiandikishe. Karatasi rasmi yenye muhuri itatoka deni likiisha. Alikuwa amefaulu yote isipokuwa somo moja. Sasa anajua ni lipi la kurudia, na fungu la Oktoba ameshalipa, safari hii na namba yake juu ya risiti.