Barua ya Katibu kwa Wanaochelewa

Alhamisi moja mwishoni mwa Agosti, katika kambi moja ya polisi mashariki mwa Uganda, katibu wa chama cha akiba cha wake wa askari aliketi mlangoni pa nyumba yake, daftari mapajani, akiandika tangazo la kuwakumbusha wanachama michango yao. Chama kina wanachama 25. Kila Jumamosi kila mmoja hununua hisa moja au zaidi, mwisho tano, na hisa moja ni shilingi 5,000. Juu ya hiyo hutoa shilingi 1,000 za mfuko wa jamii, ambazo ni za misiba na maradhi wala hazikopeshwi. Fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake zimo mikononi mwa wanachama watatu mbalimbali.

Tangazo la kwanza lilimtoka upesi. Liliandikwa hivi: “Wafuatao hawajalipa. Lipeni kabla ya Jumamosi. Asiyelipa atachukuliwa hatua.” Chini yake yalifuata majina matatu, na mbele ya kila jina kiasi kinachodaiwa. Kiswahili cha namna hiyo si kigeni kambini. Wengi wa watu wa Uganda waliokulia katika nyumba za askari waliisikia lugha hii kwanza katika uwanja wa gwaride, na huko vitenzi huja vikiwa amri: simama, geuka, leta. Mtu aliyejifunza lugha kwa amri yaelekea huomba kwa amri, hata pale anapokusudia heshima.

Kabla ya kulituma katika simu za wanachama, alikwenda kulinganisha hesabu na mweka hazina. Kazi hiyo ndiyo aghalabu husahauliwa, nayo ndiyo yenye kuokoa. Walilisoma daftari kuu, kisha wakatazama ujumbe wa fedha ulioingia katika simu ya mweka hazina. Ikaonekana kwamba mmoja wa wale watatu, aliyeandikwa kuwa anadaiwa shilingi 6,000 za wiki moja, alikwisha zituma kwa simu Jumamosi usiku, baada ya kikao kufungwa, na hakuna aliyezipiga mhuri katika kitabu chake. Kama tangazo lingetoka asubuhi ile, mama wa watu angalitajwa kuwa mdaiwa mbele ya majirani 24 kwa fedha aliyokwisha kuitoa.

“Na huyu je?” mweka hazina akauliza, akiweka kidole juu ya mstari mwingine wa daftari. “Mbona hayumo katika orodha yako, dada?”

Mstari ule ulikuwa wa mke wa mkubwa wa kituo. Alikuwa hajaleta kitu kwa wiki tano, yaani shilingi 30,000, deni kubwa kuliko yote. Katibu ni mke wa konstebo. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba alikuwa akingoja kumwona mwenyewe. Mweka hazina hakumjibu. Wote wawili walijua kwamba ule haukuwa upole bali hofu, na kwamba tangazo lenye kuwataja wadogo na kumruka mkubwa lingalisomwa na kambi nzima kwa maana yake halisi.

Hesabu sasa ilikuwa hivi. Wa kwanza wiki mbili, wa pili wiki tatu, na mama mkubwa wiki tano: jumla wiki kumi, shilingi 60,000. Katika hizo, 50,000 ni za hisa na 10,000 ni za mfuko wa jamii. Jumamosi ile kulikuwa na ombi la mkopo wa shilingi 600,000, la mwanachama mwenye watoto wawili wanaorudi shuleni Septemba, muhula wa tatu. Akiba yake ilikuwa 200,000, na katiba ya chama huruhusu mara tatu ya akiba. Lakini mweka hazina alipojumlisha fedha za kukopesha, pamoja na michango iliyotazamiwa siku ile, alipata 550,000. Upungufu ulikuwa hisa za wale watatu, bila kuzidi wala kupungua.

Katibu akaandika tena nyumbani, na safari hii akapotea upande wa pili. Aliwashukuru wapendwa kwa umoja wao, akawatakia heri, akazungumzia ugumu wa maisha, akafika mwisho wa ukurasa bila kutaja fedha wala siku. Bintiye alipousoma aliuliza kama ni mwaliko wa harusi. Adabu isiyotaja kiasi humwachia msomaji kazi ya kubahatisha, na mwenye deni hubahatisha kwamba hasemwi yeye.

La tatu lilikuwa hivi:

“Ndugu wanachama, kikao chetu ni Jumamosi saa 9 alasiri. Mchango wa wiki ni shilingi 6,000: hisa 5,000 na mfuko wa jamii 1,000. Iko michango ya wiki zilizopita ambayo haijafika. Tunaomba ifike siku hiyo, kwa kuwa tutasikiliza maombi ya mikopo ya karo. Mwenye shida amwone mweka hazina kabla ya Ijumaa jioni, wapange kulipa kidogo kidogo. Ni mimi, Katibu.”

Nguvu ya maneno hayo imo katika kitenzi kimoja. Katibu alikuwa ameandika kwanza “hamjalipa”, akafuta, akaweka “haijafika”. Katika neno la kwanza mtu ndiye anayesimamishwa mbele. Katika la pili ni mchango, nao uko njiani. Alifikiria pia “haikufika”, akaliacha, maana neno hilo hulifunga jambo kana kwamba limekwisha, ilhali “haijafika” bado humngoja mgeni. Neno “hatua” aliliondoa kabisa. Faini imo katika katiba, shilingi 500 kwa asiyefika bila kutoa taarifa, na wanachama wenyewe waliipitisha. Ikitoka kinywani mwa katibu hugeuka kuwa tishio lake.

Majina hayakutajwa. Wale watatu ilibidi waambiwe kila mmoja peke yake, na hapo palikuwa na tahadhari nyingine. Katika nyumba nyingi za kambi simu ni ya mume na mke, na si kila mume anajua mkewe ana hisa ngapi. Kwa hiyo ujumbe wa faragha haukuwa na kiasi cha fedha: “Mama, naomba tuonane kabla ya Jumamosi, tutazame kitabu chako pamoja.” Wawili walimtumia jibu jioni ile ile.

Kwa mke wa mkubwa alikwenda kwa miguu. “Shikamoo, mama,” alisema, akamwonyesha ukurasa, akamwambia idadi ya wiki kama alivyowaambia wengine. Mama alilitazama daftari kwa muda mrefu. Alisema alikuwa akiuguza mama yake mzazi kijijini, na kwamba alidhani hakuna aliyekuwa akihesabu, kwa kuwa hakuna aliyemwuliza.

Jumamosi, wawili walilipa yote, 12,000 na 18,000. Mama mkubwa alileta 18,000, za wiki tatu, akaomba kumaliza 12,000 zilizobaki katika vikao viwili. Fedha za kukopesha zilifika 590,000. Mwombaji wa karo alipewa hizo, akaweka alama ya kidole, na kufuli tatu zikafungwa.